Barua kwa Mwanangu Hamisi

Mwanangu mpenzi Hamisi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na bibi yako na mdogo wako. Mimi sijambo, ila tangu Jumapili moyo wangu haujatulia, na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito mno kusemwa kwa simu ya haraka kati ya zamu mbili za kazi, nimeona nikae nikuandikie taratibu, nawe uisome taratibu.

Mjomba wako amenieleza yaliyotokea msibani kwa jirani. Wageni walipofika wakiuliza habari za mzee, wewe ndiye uliyekuwa mlangoni, ukawajibu, "Mzee kadedi jana usiku." Anasema mjane alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka hapo, aliinua kichwa, akakutazama, kisha akainama tena bila kusema neno. Bibi yako aliingia ndani na hakutoka mpaka watu walipopungua. Najua hukukusudia kumuumiza mtu, kwa maana mzee yule alikupenda nawe ulikuwa ukimsaidia kazi zake tangu ulipokuwa mdogo. Lakini hilo ni neno la kijiweni, hutamkwa kwa kicheko, na wewe ulilipeleka mahali ambapo watu walikuwa wakilia. Tunasema amefariki, yaani ametengana nasi, na tunamwita marehemu, yaani aliyerehemewa, ili anayepokea habari ya kifo asichomwe mara mbili.

Baada ya simu ya mjomba nilirudia kusikiliza ujumbe wa sauti ulionitumia mwezi uliopita, ambao siku ile niliupokea kwa kucheka. Ulisema, "Maza, bibi ananizingua." Nakiri kwamba kosa la kwanza ni langu, kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka mno kiasi kwamba ungeniita jina lolote ningeitika. Safari hii nililisikia neno lenyewe. Huko unakoita kuzinguliwa ni kuamshwa alfajiri uende shule, na anayekuamsha ni mwanamke mwenye magoti yanayomuuma, anayelala baada yako na kuamka kabla yako. Neno hilo likisemwa juu ya rafiki yako aliyechelewa uwanjani, sina ugomvi nalo. Juu ya bibi yako, silitaki.

Lipo na lingine, ambalo naona haya hata kuliandika, lakini ni bora ulisikie kwangu. Mjomba amewahi kukusikia wewe na wenzako mkizungumza juu ya wasichana wa darasani mwenu, nani demu wa nani na nani "kamla" nani. Hamisi, mdogo wako ni msichana, na baada ya miaka michache atapita mbele ya vijana wa aina hiyohiyo. Mimi pia nilipita. Nilijua walichokuwa wakisema kwa jinsi walivyonyamaza nilipokaribia, na mpaka leo namkumbuka kila mmoja wao kwa uso wake. Sitaki binti wa mtu akukumbuke wewe hivyo.

Usidhani nataka uzungumze na wenzako kama unayesoma taarifa ya habari. Kila rika lina maneno yake, nasi tulikuwa na yetu, na ukiwa na rafiki zako semeni "oya" na "mshikaji" mpaka mchoke. Ninachokuomba ni ujue uko mbele ya nani kabla hujafungua kinywa. Mtu mzima huamkiwa kwa shikamoo, hata akiwa ndani ya daladala, hata kama humjui. Haanzwi kwa "mambo vipi".

Ipo sababu nyingine inayonikosesha usingizi, nami nitakuambia kwa kuwa umekua. Hujafika wakati wa watu kukulaumu wewe peke yako. Ukitamka neno chafu, watasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kisha watauliza mamaye yuko wapi, na jibu wanalo: yuko nje anatafuta pesa. Bibi yako ndiye anayekaa nao, kwa hiyo ndiye anayebeba maneno hayo kila anapokwenda kwenye sherehe au msiba, wakati mimi niko mbali siwezi hata kumshika mkono.

Kwa hiyo, kabla ya Jumapili ijayo, nenda kwa mjane yule pamoja na bibi yako. Usitume ujumbe, na usiende na marafiki. Mwamkie, mpe pole upya, umwombe radhi kwa maneno yako mwenyewe bila kujitetea. Ukirudi nyumbani, kaa na bibi umwambie na yeye. Nitapiga simu jioni hiyo nikitoka kazini, na nitaomba kuzungumza na bibi kwanza.

Nakupenda sana, mwanangu.

Ni mimi mama yako