Mkataba wako kwa ufupi: karani wa stoo

Karibu kazini. Mkataba una kurasa 11. Shika haya kabla hujatia saini.

Mshahara ghafi ni ule wa barua ya ofa. Unaingia benki tarehe 28, baada ya makato.

Majaribio ni miezi 3, na notisi ni siku 7 kwa upande wowote. Ukithibitishwa, notisi inakuwa siku 30 kwa maandishi, au malipo badala yake. Kifungu cha 9 kisome mara mbili: majaribio yanaweza kuongezwa mara moja tu, na lazima upewe barua.

Kwa wizi au kughushi hati za stoo, unaachishwa bila notisi, ila utasikilizwa kwanza. Vyovyote utakavyoondoka, siku ulizofanya kazi na likizo uliyobakiza utalipwa.