YAH: Napinga bili ya Mei 2025, akaunti 30418627, usomaji wa 15,387 sio wa mita yangu

Habari zenu watu wa bili,

Naandika kuhusu bili ya umeme ya nyumba yangu hapa Kisauni, Mombasa, akaunti namba 30418627, mita namba 118254. Alhamisi tarehe 15 Mei jioni iliingia meseji ya shilingi 32,640. Nikadhani imekosewa njia, nikaangalia namba ya akaunti mara mbili, ni yangu. Mimi kwa mwezi nalipa kati ya 2,200 na 2,600, na hii ya sasa mwataka niwe nimelipa kabla ya tarehe 30.

Nimekaa chini nikapiga hesabu na nimeona kosa liko wapi, naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanijibu ile ya "lipa kwanza tutaangalia", maana ndio jibu nililopewa kwa simu.

Huu ni usomaji wenu wenyewe, nimeutoa kwa bili za nyuma:

12 Januari 2025: 14,021
11 Februari: 14,113 (uniti 92)
12 Machi: 14,209 (uniti 96)
11 Aprili: 14,298 (uniti 89)
13 Mei: 15,387 (uniti 1,089)

Sasa angalieni hiyo ya mwisho. Tarehe 15 Mei, saa moja usiku, ile meseji ilipoingia tu nilitoka na tochi nikapiga picha mita, inasoma 14,393. Tarehe 22 Mei asubuhi nikapiga tena, 14,414. Picha zote mbili nimeziambatisha, namba ya mita inaonekana vizuri na tarehe iko kwa picha. Hizo ni zile namba tano nyeusi, ile nyekundu ya mwisho sijaihesabu. Sasa mita ambayo tarehe 13 ilikuwa 15,387 itakuwaje tarehe 15 iko 14,393, mita hairudi nyuma. Mpaka leo haijafika hiyo namba mliyoniandikia, zimebaki uniti 973, na kwa matumizi yetu ya uniti 3 kwa siku tutaifikia karibu mwakani wakati kama huu.

Ninavyoona mimi msomaji alikuta 14,387 akaandika 15,387. Tarakimu ya pili tu, 4 imekuwa 5. Mkiweka 14,387 hesabu inakaa sawa, inatoka uniti 89 kama ya mwezi wa nne, na siku mbili baadaye 14,393 inaingia palepale. Na simlaumu kijana anayesoma, tumemzoea na ana adabu zake, lakini ile mita iko juu kwenye ukuta wa ngazi na kioo cha kisanduku kina mchirizi wa rangi nyeupe tangu nyumba ipakwe, ukisimama chini ile tarakimu ya pili waiona nusu. Mimi mwenyewe kupata hizo picha ilibidi nipande kiti. Kwenye bili mmeandika ni usomaji halisi sio makadirio, basi halisi yake ndiyo hiyo iko kwa picha.

Nilipopiga simu dada aliyepokea aliniambia pengine kuna umeme unavuja au jirani amejiunganishia, na kama siridhiki niombe mita ipimwe. Hilo la kuvuja nimelihakikisha, fundi wa umeme alikuja akazima suichi kubwa, tukasimama tukiangalia kile kisahani cha mita robo saa nzima hakikusogea hata kidogo, alipowasha kikaanza kuzunguka polepole kama kawaida. Na ndani sina cha kula umeme hivyo, ni friji, feni mbili, tivii, taa na pasi ya asubuhi, maji ya kuoga tunachemsha kwa gesi. Uniti 1,089 kwa siku 32 ni uniti 34 kwa siku, yaani ni kama kuwasha pasi ya wati 1,400 mchana na usiku mwezi mzima isizimwe hata dakika moja. Kwa hivyo kupimiwa mita sitaki na gharama zake sizikubali, mita yangu ni nzima, kilichokosewa ni namba iliyoandikwa.

Ombi langu la kwanza, tumeni mtu aje aisome tena kabla ya tarehe 30, apande ngazi aione kwa macho, na mimi au mume wangu awepo. Halafu bili ya Mei ifutwe itolewe upya kwa 14,387. Itolewe upya nzima tafadhali, msinipunguzie tu zile uniti 1,000 kwa bei ya umeme mkaacha vingine, maana gharama ya mafuta na ile ya fedha za kigeni zinahesabiwa kwa kila uniti, juu yake kuna ile 5% ya umeme wa vijijini na VAT 16%, kwa hivyo kosa la tarakimu moja limeingia kwa kila mstari wa ile bili.

Na kuna jambo jingine ambalo naona likisahaulika litaniumiza baadaye. Mimi niko kwenye daraja la uniti 31 mpaka 100. Hizi 1,089 zikibaki kwenye rekodi, wastani wangu wa miezi mitatu, Machi hadi Mei, unaruka kutoka uniti 91 hadi kama 425, mfumo utanipandisha daraja la juu ya 100 na nitaanza kulipia kila uniti kwa bei kubwa ilhali matumizi yangu hayajabadilika. Kwa hivyo rekodi irekebishwe pia, sio bili peke yake.

Siku zote nimelipa kwa wakati na hata sasa sikatai kulipa nilichotumia. Jana nimelipa 2,400 kwa simu kwa ajili ya zile uniti 89, risiti nimeambatisha, ikizidi au ikipungua tutamalizana kwenye bili mpya. Hizo 30,240 zilizobaki ndizo ninazozipinga, na naomba umeme usikatwe kwa sababu yake wakati mkiangalia jambo hili, muandike hivyo kwenye akaunti ili vijana wa kukata wasije na karatasi wakaniambia wao hawajui lolote. Mama mkwe wangu ana sukari, insulini yake iko kwenye friji, na joto la huku mwalijua. Mkikata kwa kosa ambalo sio letu ni dawa ya mtu mzima inaharibika, hilo naliomba sana mlichukulie kwa uzito.

Nitumieni namba ya malalamiko kwa maandishi, hapa kwa imeili, sio kwa simu tu, kwa sababu kwa simu nimeshapewa majibu mawili tofauti na sina cha kuonyesha. Ikifika Jumatano tarehe 28 Mei sijaona mtu wala jibu nitapeleka picha hizi na bili zote kwa EPRA, ingawa ningependa tumalizane sisi wenyewe, picha moja tu ya mita inatosha kulimaliza.

Namba yangu ya simu ni ile ile iliyo kwenye akaunti. Nyumbani kuna mtu asubuhi mpaka adhuhuri kila siku, Jumamosi niko mimi mwenyewe siku nzima.

Ahsanteni,
Mwanakombo
Kisauni, Mombasa
23 Mei 2025

Viambatisho: picha 2 za mita (15 na 22 Mei), bili za Januari hadi Mei, risiti ya 2,400