Mpango wa Kurithishana Nafasi za Uongozi

Kwa: Mzee Mwenyekiti, Mama, na Wakurugenzi wote
Kutoka: Meneja wa Rasilimali Watu, Kinu cha Viwandani, Nairobi
Kwa ajili ya: Kikao cha bodi cha mwezi Julai

Mzee, Mama na wakurugenzi,

Katika kikao cha Machi mliniagiza niandike nani atashika usukani Mzee akipumzika mwakani. Nimeandika, ila nimeipanua kazi hiyo makusudi. Kila niliyezungumza naye aliniuliza kiti cha Mzee atapewa nani. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kiti cha mnunuzi mkuu wa mahindi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachoweza kutufungia kinu mapema kuliko vingine vyote.

Nafasi zilizo hatarini

Kwa kila mkuu wa kitengo niliuliza swali moja: akilazwa hospitalini leo jioni, nini kitakuwa kimekwama kufikia Ijumaa? Nafasi nne zilijitokeza: mkurugenzi mtendaji, mnunuzi mkuu, mkuu wa kinu, na meneja wa fedha.

Kwenye kinu tuko salama kiasi. Fundi wa zamu ya usiku anaziendesha roli zote, anajua kurekebisha kipimo cha vitamini na madini tunavyotakiwa kutia kwenye unga, na mkuu wake mwenyewe amempendekeza. Apewe cheo cha naibu mwezi huu. Kwa upande wa fedha, mhasibu msaidizi amebakiza mitihani ya mwisho ya CPA, tumlipie ada. Wakati huohuo akaunti ya iTax na idhini za benki zisiendelee kuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Mnunuzi mkuu

Hapa naomba mnivumilie. Mnunuzi wetu ana miaka 58, na mkataba wake unaisha akifika 60. Lori la Kitale likifika langoni alfajiri, haanzi na magunia ya juu. Anapanda, anaamuru safu mbili zishushwe, kisha anachoma bambo kwenye magunia ya katikati, kwa sababu huko ndiko madalali huficha mahindi mabichi. Anatafuna punje moja kabla ya kuleta kipima unyevu. Ikizidi asilimia 13.5, lori linageuka.

Maabara yetu hupima sumukuvu, na kiwango kinachoruhusiwa hakizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Lakini maabara hupima kile ilicholetewa tu. Sampuli ikichotwa pabaya, karatasi itasema mzigo ni safi ilhali nusu ya lori imeoza. Sote tunakumbuka Novemba 2019, Kebs ilipopiga marufuku nembo tano za unga kwa ajili ya sumukuvu. Yetu haikuwamo, na sehemu kubwa ya shukrani ni ya huyu mzee wa langoni.

Ninaowapendekeza ni wawili: fundi wa maabara, aliye nasi kwa miaka sita, na karani wa ghala wa zamu ya usiku. Fundi anaelewa vipimo kuliko yeyote hapa, lakini hajawahi kubishana na dalali. Karani anajua kubishana na anajulikana na madereva wote, lakini hesabu za unyevu na bei bado zinampiga chenga. Kuanzia Agosti wakae langoni na mnunuzi, kila mmoja kwa wiki yake. Mavuno ya Bonde la Ufa yakianza Oktoba, waandamane naye hadi Kitale na Bungoma. Kuanzia Januari kila mmoja anunue lori moja kwa wiki kwa uamuzi wake, naye mnunuzi akague baada ya bei kukubaliwa, si kabla. Mwezi wa Juni bodi itachagua.

Kuna jambo alilonieleza faraghani na akanikubalia nilifikishe kwenu. Anaogopa kwamba akishafundisha, ataonyeshwa mlango. Hofu hiyo ina msingi, na hatuwezi kumwomba atoe ujuzi wa miaka ishirini kwa maneno matupu. Naomba bodi impe barua: atafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya mkataba wake, kisha atakuwa mshauri kwa misimu miwili ya mavuno kwa malipo yatakayoandikwa humo. Yeye naye ataandika daftari la madalali na wakulima wote anaowajua, lihifadhiwe ofisini. Leo orodha hiyo iko ndani ya simu yake.

Mkurugenzi mtendaji

Wanaofaa kuandaliwa ni watatu: kifungua mimba wenu anayeongoza mauzo, binti yenu anayesimamia fedha, na meneja wa uzalishaji, ambaye si wa familia. Nimesikia ikisemwa kwamba binti ataolewa na kiti kitahamia ukoo mwingine. Kwa heshima zote, hoja hiyo isiingie kwenye kumbukumbu za bodi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika kupandisha cheo, na zaidi ya sheria, tungemkosea mtu aliyetuvusha mwaka mgumu wa madeni.

Kila mmoja ana pengo. Mkuu wa mauzo hajawahi kukaa mbele ya meneja wa benki akiomba mkopo wa msimu. Binti hajawahi kulala kinuni roli zikiwa zimesimama na maduka yakipiga simu. Meneja wa uzalishaji hajawahi kuuza hata bando moja la unga. Kwa hiyo kila mtu apelekwe penye pengo lake kwa miezi minne, kisha akaimu nafasi ya Mzee kwa mwezi mzima.

Mzee, mwezi huo utakuwa na maana ukiwa haupokei simu za kazi. Wateja wakubwa na madalali wakikupigia nawe ukawajibu, anayekaimu hatajulikana kama anaweza. Naomba uende shamba Nyeri, na simu ya kampuni ibaki ofisini.

Wote watapimwa kwa mambo yaleyale: gharama ya kila tani iliyosagwa, madeni yaliyokusanywa, wafanyakazi walioacha kazi, na namna alivyoamua jambo gumu moja ambalo bodi italichagua. Jopo liwe na mkurugenzi mmoja wa nje, kwa kuwa mzazi hapaswi kubebeshwa peke yake mzigo wa kumwambia mwanawe hapana.

Hisa ni jambo jingine

Kiti ni kazi. Hisa ni mali. Asiyepata kiti atabaki na gawio lake kama wenzake, na ingefaa Mzee awaambie watoto wote wakiwa pamoja. Asilimia 70 ya hisa ziko kwa jina lake. Mungu amjalie maisha marefu, lakini bila mpangilio, hisa hizo zitasubiri mahakama itoe idhini ya usimamizi wa mirathi, pamoja na tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za kusubiri pingamizi. Wakili wa kampuni aitwe mapema, wosia na makubaliano ya wanahisa viandikwe mwaka huu.

Gharama na maamuzi

Tuna wafanyakazi 140, na ada ya NITA ni shilingi 50 kwa kila mmoja kwa mwezi, yaani 84,000 kwa mwaka. Tumekuwa tukilipa bila kudai chochote. Tuombe kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Bajeti ninayoiomba ni shilingi milioni 1.6, nyingi zikiwa za safari za mavuno na marupurupu ya kukaimu.

Naomba Julai bodi ipitishe barua ya mnunuzi, majina ya naibu na wanaoandaliwa, mkurugenzi wa nje, na ratiba ya kukaimu. Barua ya mnunuzi nimeiambatisha. Ikiwa muda wa kikao hautatosha, naomba hiyo ipitishwe kwanza, kwa sababu Agosti haiko mbali na mavuno hayatusubiri.

Wenu mtiifu,
Meneja wa Rasilimali Watu