Naomba maazimio na kumbukumbu za kikao cha saiti cha Jumanne 11 Novemba (matatu ya haraka kabla ya Alhamisi saa 10 jioni)

Dada Neema,

Habari za kazi, na pole kwa kuachiwa kikao chote peke yako. Asante sana kwa kukubali kushika ukatibu bila kuandaliwa. Asante pia kwa picha ya mahudhurio uliyonitumia jana, imenitosha: nimeona Mtendaji wa Kijiji na wajumbe wawili wa kamati ya maji walifika, na upande wa mkandarasi aliingia msimamizi wa saiti badala ya meneja wa mradi. Hayo usijisumbue kuyaandika tena.

Udhuru wangu mwenyekiti anao, lakini nikueleze kidogo ili ukiulizwa uwe na jibu. Kisima kipya cha huku Mpwapwa tulianza kukipima kwa kusukuma maji mfululizo saa 24, kuanzia Jumanne saa 1 asubuhi. Jaribio la namna hii haliachwi katikati. Pampu ikizimika hata nusu saa, maji yanapanda kisimani, na vipimo vya kushuka kwa kina vilivyokwishachukuliwa havifai tena, unaanza upya. Leo asubuhi tumezima, tunapima maji yanavyorudi, na jioni nitakuwa barabarani kurudi Dodoma.

Sasa ombi. Kuna maazimio matatu ninayoyahitaji kabla ya kesho Alhamisi tarehe 13, saa 10 jioni, na mengine yanaweza kusubiri Jumatatu tarehe 17, saa 4 asubuhi. Naomba uyatenganishe hivyohivyo, usisubiri kukamilisha yote ndipo utume.

La kwanza ni bomba la korongoni, kipande cha kutoka 1+840 hadi 2+490. Mchoro unaonyesha poli ya milimita 90, PN 10. Maji ya juu kwenye tenki yako mwinuko wa mita 1,142.6 na sakafu ya korongo iko 1,036.1, kwa hiyo usiku vilula vyote vikifungwa bomba la pale chini linabeba mita 106.5, karibu baa 10.4. PN 10 imeshapitwa hata kabla ya kuhesabu kishindo cha valvu inayofungwa ghafla. Kabla ya kikao mapendekezo yalikuwa mawili: kubadili mita 650 hizo ziwe PN 16, au kujenga tangi la kupunguzia presha kabla ya korongo. Kikao kilichagua lipi?

Kama ni PN 16, naomba pia kujua waliamuaje kuhusu viungio vya ncha mbili. Hapa ndipo mafundi hukosea. Bomba la 90 la PN 16 lina ukuta wa milimita 8.2, la PN 10 lina 5.4. Ukiyachomelea uso kwa uso kwa sahani ya moto kingo hazilingani, kiungio kinaonekana kizima kwa nje na kinapasuka kwenye jaribio. Lazima iwe kiungio cha umeme au flanji. Kama halikuzungumzwa, niandikie tu "halikuzungumzwa", nitalimaliza mwenyewe na msimamizi wa saiti kwa barua.

Kama ni tangi, nipe mwinuko waliokubaliana, hata wa kukadiria. Kilula namba 11 kiko ng'ambo ya korongo kwenye mita 1,088. Tangi likikaa 1,090, kama alivyopendekeza mkandarasi mwezi uliopita, kile kilula kitabaki na mita mbili tu, na msuguano wa bomba utazila zote. Kitakuwa pambo.

Haraka yangu ni kwamba bei ya bomba tuliyopewa na muuzaji inaisha Ijumaa saa 6 mchana, na yanatakiwa marola 7 ya mita 100. Nikiagiza PN 16 halafu kumbe kikao kiliamua tangi, marola hayo hayarudishwi.

La pili ni jaribio la presha. Nimesikia juujuu kwamba mkandarasi aliomba kufukia mtaro wote kwanza kwa kuogopa mvua. Naomba jibu la kikao kama lilivyotamkwa. Msimamo wetu ulikuwa afukie mgongo wa bomba katikati ya viungio ili lisielee mtaro ukijaa maji, viungio vyenyewe vibaki wazi hadi presha ipite. Kama walilegeza, ni nani aliyeruhusu, na kwa kipande kipi?

Hapohapo, angalia kwenye daftari lako kama walitaja geji itafungwa wapi. Ikifungwa upande wa tenki na wakaisoma baa 15, kule korongoni bomba litakuwa linabeba zaidi ya 25. Geji ikae chini kabisa, na laini ikatwe vipande viwili kwa valvu ya 1+840. Pia kama walipanga siku: bomba lijazwe polepole kutokea chini, hewa itoke, na likae limejaa usiku mzima kabla ya kupandisha presha. Poli hutanuka, geji hushuka saa za mwanzo bila kuvuja popote, na watu wakaanza kufukua viungio visivyo na kosa. Nataka tarehe na jina la shahidi wa upande wetu. Kama nimepangwa mimi na siku yenyewe ni Ijumaa, nijulishe leo hiihii hata kwa ujumbe wa mstari mmoja.

La tatu ni mwamba. Mkandarasi anadai mita 180 katika hati ya malipo namba 4. Vipimo tulivyochukua pamoja na fundi wake hadi Ijumaa iliyopita ni mita 112. Mtaro ni upana wa mita 0.6 na kina cha mita 1, kwa hiyo tofauti ni mita za ujazo 40.8, kwa bei ya mwamba, siyo ya udongo. Mkataba unahesabu mwamba pale tu panapohitaji kompresa. Kokoto ngumu zinazong'oka kwa sururu hazimo. Je, kikao kilikubali 180, kilikubali 112, au kiliagiza tupime upya? Kama ni kupima upya, ni lini, na je, mtaro wa kipande hicho umeachwa wazi? Ukifukiwa, hatuna cha kupima, tutabaki kubishana kwa mdomo.

Kwa matatu haya mstari mmoja kwa kila moja unatosha. Kwa mfano:

*Mwamba: tupime upya 3+020 hadi 3+200. Neema na fundi wa mkandarasi. Ijumaa 14, saa 3 asubuhi. Mtaro usifukiwe.*

Ya Jumatatu ni haya, hayana moto:

- Siku 28 za nyongeza alizoomba mkandarasi: zimekubaliwa, au barua imepokelewa tu na kupelekwa kwa mhandisi mshauri? Naomba usahihi hapa, kwa sababu muhtasari ukisainiwa vibaya, yeye atautumia kama kibali.
- Kilula namba 9 kinachohamishwa: mwenye kiwanja kipya amesaini ridhaa ya ardhi, au ameahidi? Na Mtendaji alikuja na muhtasari wa mkutano wa kijiji?
- Kuvuka barabara kuu: nani anaandika barua ya kibali TANROADS, na bomba la chuma la kulinda letu litanunuliwa chini ya kifungu kipi cha jedwali la gharama.
- Yatokanayo na kikao cha Oktoba: yale matano, yapi yamefungwa na yapi yameendelea.
- Tarehe na saa ya kikao kijacho.

Kuhusu namna ya kutuma, usichape chochote. Piga picha kurasa za daftari na uzitume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huzibana na tarakimu za penseli hazisomeki. Pale mwandiko ulipokwenda mbio, ongeza sauti ya dakika moja au mbili. Kama kuna jambo hukuliandika, niambie hukuliandika. Afadhali pengo ninalolijua kuliko namba ya kukumbuka. Na yale yaliyosemwa kwa sauti kubwa bila kuazimiwa, yawekee alama ya kuuliza pembeni. Nayahitaji pia, ila nisiyachanganye na maazimio.

Naomba tu usiyaweke kwenye kundi la mradi. Mkandarasi yumo humo, na kumbukumbu ambazo hazijapitiwa na mwenyekiti huanza kunukuliwa kesho yake kama maagizo. Nitumie mimi binafsi, au kwa barua pepe hii.

Kazi ya kuuchapa muhtasari niachie mimi. Nikipata kurasa zako Jumatatu saa 4, rasimu utaipata siku hiyohiyo kabla ya saa 11 jioni uihakiki, halafu Jumanne asubuhi iende kwa mwenyekiti pamoja na hati namba 4. Jina lako litabaki kama katibu wa kikao, kwa hiyo usisite kunisahihisha mahali nitakapokuwa nimeandika ninavyopenda mimi badala ya kilichosemwa.

Kama kesho mchana uko saiti na mtandao unasumbua, nitakupigia saa 9 na nusu unisomee matatu yale kwa simu, mimi niandike, kisha nikutumie ujumbe uthibitishe kwa neno "sawa". Kama kwa sababu yoyote hutaweza kabla ya saa 10, nijulishe asubuhi ili nimwombe muuzaji aongeze siku. Nina imani atakubali hadi Jumatatu nikimwomba mapema, siyo nikimwomba Ijumaa saa 5 na nusu.

Nakushukuru sana kwa kubeba mzigo wa watu wawili. Zamu ya kikao cha Desemba ni yangu, hata kama mvua itakuwa imefunga njia ya korongoni.

Wako katika kazi,
Baraka
Msimamizi wa ujenzi, mradi wa vilula 14

N.B. Kitabu cha vipimo chenye zile mita 112 kipo kwenye droo yangu ya juu, jalada la kijani, ukurasa wenye sahihi mbili. Funguo anazo mhudumu wa masjala. Kama mmeagizwa kupima upya, nenda nacho, na fundi wake asaini ukurasa mpya palepale kabla hamjaondoka mtaroni.