Mada: Tangi la maziwa la lita 2,000: nafunga faili

Bwana Cheruiyot, habari za asubuhi.

Poleni na mvua. Barabara ya kuingia kituoni kwenu ilikuwa mbaya tangu Februari kukiwa kukavu, sembuse sasa.

Hii ni barua yangu ya tano kuhusu tangi la kupozea maziwa, na ndiyo ya mwisho. Kotesheni niliituma tarehe 3 Machi, nikaulizia tarehe 11, nikaandika tena tarehe 25, kisha tarehe 9 Aprili. Sikujibiwa, na kimya hicho nimekipokea kama jibu: kwa sasa tangi halimo katika mipango ya kamati. Sina kinyongo hata kidogo. Shilingi 1,850,000 za wakulima si jambo la kuamuliwa kati ya chai na mandazi.

Nimeirudia barua yangu ya tarehe 25 Machi na sikuipenda. Niliandika kama mtu anayedai deni, ilhali hamkuwa mmeniahidi kitu zaidi ya kuitazama bei. Niwieni radhi.

Kwa hiyo leo nafunga faili. Tangi tulilokuwa tumewawekea kando hapa ghalani Nakuru naliachia mteja mwingine, na bei ya kotesheni ile inakoma kesho, tarehe 30 Aprili. Jina la ushirika nimeliondoa kwenye orodha yangu ya kufuatilia. Hamtapigiwa simu nami wala na mwenzangu yeyote wa mauzo. Picha za kitabu cha mapokezi mlizoniruhusu kupiga nimezifuta zote, maana zilikuwa na majina na namba za simu za wakulima. Kile kipimajoto nilichomwachia karani kibaki naye, msihangaike kukirudisha.

Kwa kuwa kipimajoto kipo, ningeomba kitumike. Asubuhi ile niliyokuja, niliona mama mmoja akirudishiwa debe zima la maziwa ya jioni baada ya kuganda kwenye kipimo cha alkoholi. Maziwa yaliyolala usiku kucha bila kupozwa ndivyo yalivyo, hata ng'ombe awe safi namna gani. Sasa nyasi zimeota na maziwa yanaongezeka, kwa hiyo na yanayorudishwa huenda yakaongezeka. Karani aandike kwa wiki mbili tu: lita zilizokataliwa, za jioni au za asubuhi, na joto la kila debe likifika. Zidisheni lita hizo kwa bei mnayomlipa mkulima. Kamati ikiwa na hesabu hiyo mkononi haitahitaji maneno ya muuzaji. Ikitoka ndogo, msinunue tangi, liwe letu au la mtu mwingine.

La pili linahusu mitumba, maana mwekahazina alinigusia kwamba mmepata mtu wa kuwauzia tangi lililotumika. Si wazo baya. Lakini kabla ya kutoa hata senti ya kwanza, someni kibati kilichobandikwa kwenye kompresa muone linatumia gesi gani. Likiwa la R22, jihadharini: gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo ya zamani. Tangi likivuja miaka michache ijayo, kulijaza tena kutakuwa shida, tena ghali. Ulizeni pia kama linataka stima ya fezi tatu. Kituoni kwenu niliona laini ya fezi moja tu, na gharama ya kuvutiwa fezi tatu inaweza kumeza nafuu yote ya mtumba.

Hata jenereta mtaihitaji, ila hilo mnalijua kuliko mimi. Siku niliyokuja stima ilipotea mara mbili kabla ya saa nne.

Ikiwa jambo hili lilihamia kwa mtu mwingine katika kamati, mpelekee barua hii, nami nitamjibu akiniandikia. Mkilirudia baada ya mavuno au hata mwakani, jibu hapa hapa kwa neno moja tu, nami nitatoa kotesheni mpya kwa bei ya wakati huo bila kuulizia haya ya nyuma. Kama hakuna la kusema, hakuna haja ya kujibu.

Nisalimie karani, na umwambie chai yake ya maziwa ya asubuhi bado naikumbuka.

Wako,
Wekesa
Mauzo ya vifaa vya maziwa, Nakuru