Oda ya katuni ya wazazi kutoka picha yao ya harusi

Mambo kaka Juma, habari za kazi. Nimeziangalia kazi zako kwenye Instagramu na ile ya bibi na babu wamekaa barazani ndo imenifanya nikuandikie, maana sura zimebaki zao kabisa japo ni katuni.

Nataka unichoree baba na mama. Walifunga ndoa Morogoro tarehe 14 Desemba 1985, mwaka huu wanatimiza miaka 40. Picha ya harusi iliyobaki ni moja tu, ya studio, nyeusi na nyeupe, nimeiskani nimekutumia kwa imeili siyo Wasap ili isipungue kwoliti. Unyevu umekula upande wa kushoto, sikio la baba na bega vimepotea, kwa hiyo nimeambatanisha picha yake nyingine ya miaka hiyohiyo uangalizie sikio.

Rangi nimemuuliza mama kijanja. Suti ya baba ilikuwa kahawia, suruali bugaluu, tai damu ya mzee. Gauni ni jeupe, aliazima kwa shangazi yake kwa sababu Mzee Mwinyi ndo kwanza alikuwa ameapishwa mwezi uliotangulia na madukani vitu bado vilikuwa adimu, ndo maana mikono inampwaya, naomba uiache ipwaye hivyohivyo. Maua ya plastiki, pinki. Mama ni mweusi, taa za studio zimemfanya aonekane maji ya kunde, tafadhali usifuate picha hapo, fuata ile ya juzi niliyotuma. Na mwanya wake usiuzibe!! Baba amenuna kama wanaume wote kwenye picha za zamani ila ukizumu utaona kidole chake kidogo kimeshika kidole cha mama, hicho ndo nakitaka kionekane kuliko kitu chochote, hata ukikikuza kidogo sawa tu.

Vichwa vikubwa kidogo ni sawa ila usiwafanye vichekesho, mama ni mtu wa heshima zake. Wapambe watoe, na pazia la studio toa pia, nyuma weka milima ya Uluguru yenye mawingu juu maana ndo wanayoiona wakifungua mlango kila asubuhi.

Nitaiprinti A3 na kuiweka fremu, kwa hiyo naomba faili la PNG la 300 DPI. Kabla ya kupaka rangi nitumie mchoro wa penseli kwanza niangalie sura, marekebisho yawe mara mbili kama ulivyoandika. Bei ya laki na nusu nimeikubali, nusu natuma leo ukinipa namba na jina litakalotokea, nusu ukimaliza. Nikiipata tarehe 5 Desemba itanitosha kwenda kwa fundi fremu.

Wao hawajui chochote kwa hiyo usiiposti kabla ya tarehe 14, baada ya hapo ruksa.

Asante sana kaka,
Neema