Chakula na Maji kwa Mechi ya Kesho

Vijana, kesho tunaingia uwanjani saa 10 jioni, na kwa joto hili la Tanga maandalizi yenu yanaanzia jikoni, kabla filimbi haijapulizwa. Chakula cha mchana kiliwe saa 6, si baadaye, kwa sababu tumbo huhitaji saa 3 au 4 kusaga mlo kamili, na likiwa bado na kazi hiyo litagombania damu na miguu yenu. Wali na maharage, au ugali na samaki, vinatosha. Chipsi zilizolowa mafuta ziacheni kwanza, maana mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Atakayehisi njaa saa 9 ale ndizi mbivu moja.

Kuhusu maji, msisubiri kiu. Kunyweni kidogo kidogo tangu asubuhi, na mwendapo haja ndogo tazameni rangi: mkojo uliokolea kama chai ya rangi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa maji. Vinywaji vya kuongeza nguvu sitaki kuviona kwenye mabegi, hata kama kaka zenu huvisifu.

Mechi ikiisha, najua macho yatakuwa kwenye soda baridi. Tangulizeni maji, kisha ndani ya saa 1 mle chakula chenye wanga na protini, kwa mfano viazi vitamu na mayai, ili misuli iliyochoka ijijenge upya. Mama wa jikoni ameahidi kutuwekea sufuria ya uji wa karanga. Wanaofunga wabaki hapa tupange utaratibu wao.